Pumba za ng'ombe na chapati za nyumbani

Kwa miaka mingi hapa Malindi nilinunua gunia la pumba za ngano kwa ajili ya ng'ombe wangu wa maziwa, na kwa muuzaji huyo huyo nikachukua unga mweupe wa chapati. Mama aliposumbuliwa na choo kigumu ndipo nikajiuliza nani kati yetu anakula ngano bora.

Punje ya ngano ina ganda la nje, ambalo ndilo pumba, kama asilimia 14 ya uzito wake. Ina kiini, sehemu inayochipua, ambacho hakifiki asilimia 3. Kilichobaki ni wanga wa ndani. Kinu huipasua punje, huchekecha, kisha husaga tena, na kilo 100 za ngano hutoa takriban kilo 75 za unga mweupe. Zinazobaki, nyingi ni za mifugo.

Hasara kubwa ni nyuzinyuzi, zile zinazolainisha choo. Gramu 100 za unga wa ngano nzima zina karibu gramu 11, unga mweupe una kama 3 tu. Magnesiamu hushuka kutoka miligramu 137 hadi 22, na vitamini E, ambayo hukaa kwenye kiini, karibu yote hutoweka. Chuma, zinki na vitamini za kundi B nazo hupungua sana, lakini tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji waziongeze kwenye unga wa pakiti. Nyuzinyuzi na magnesiamu hazirudishwi. Kwa hiyo mama hakuwa na upungufu ambao pakiti ingeuziba.

Unga wa ngano nzima nao una kasoro yake. Pumba zina faiteti, inayoshika chuma na zinki tumboni zisifyonzwe vizuri. Hamira na muda wa kuumuka huipunguza, chapati isiyoumuliwa haina nafuu hiyo. Ndiyo maana unga huu mimi huutumia zaidi kwa mkate ninaouacha uumuke usiku kucha.

Kwa chapati nilianza na nusu kwa nusu. Pumba hunywa maji polepole, kwa hiyo ongeza maji kidogo kidogo na uuache unga uliokandwa upumzike nusu saa. Mara ya kwanza sikusubiri, chapati zikapasuka pembeni na mama akazikataa. Siku hizi anazila, na lazima anywe maji ya kutosha, la sivyo nyuzinyuzi zenyewe humzuilia choo.

Nunua kidogo. Mafuta ya kiini huchacha upesi kwa joto letu la kaskazi. Pakiti yangu moja iliyokaa karibu na jiko ilitoa harufu ya rangi ya mbao, na nilipoonja kidogo kwa ulimi ilikuwa chungu. Sasa naufunga kwenye kopo na kuuweka frijini.