Umeme wa soketi ya USB kwenye usukani

"Nimeunga USB kwenye waya wa taa kubwa, simu inachaji na kukata. Tatizo nini?"

Kaka, pikipiki nyingi ndogo hulisha taa hiyo kwa AC ya koili, inayopanda na kushuka na mwendo wa injini. Soketi inataka DC. Toa waya kwenye chanya ya betri, fyuzi ya ampea 5 ikae karibu kabisa na betri, maana waya ukichubuka kabla ya fyuzi hauna kinga. Uingize kwenye pini namba 30 ya rilei, pini 87 iende soketi, hasi ya soketi irudi betri. 86 iunge kwenye waya wa swichi ya breki wenye volti 12 ufunguo ukiwashwa, hata breki isipobanwa. 85 iende bodi.

Mwingine akauliza: "Rilei ya nini? Yangu iko moja kwa moja kwenye betri."

Itachaji, lakini soketi hunyonya kidogo hata bila simu. Pikipiki ikilala wiki kadhaa, betri hushuka. Rilei huikata soketi ufunguo ukizimwa.