Faida ipo vitabuni, pesa imelala wapi?

Naandika hesabu za maduka ya vifaa vya ujenzi, na wenye maduka huniuliza jambo lile lile: mauzo yanapanda, faida inaonekana, mbona pesa ya kuagiza mzigo haipo? Kabla hawajaenda kukopa benki, huwa nawaomba tuhesabu pesa yao inachukua siku ngapi kurudi mkononi.

Chukua duka la mfano. Kwa mwaka limeuza milioni 438, mzigo ambao lilinunua kwa milioni 365. Kwa hiyo kila siku unatoka mzigo wa milioni 1 na kuuzwa kwa milioni 1.2. Stoo kuna mzigo wa milioni 45, yaani wa siku 45. Wateja wanadaiwa milioni 36, ambazo ni mauzo ya siku 30. Duka nalo linadaiwa na wauzaji wa jumla milioni 20 za mali kauli, sawa na siku 20. Jumlisha 45 na 30, toa 20: siku 55. Mzigo na deni la wauzaji nimevigawa kwa bei ya kununulia, madeni ya wateja kwa bei ya kuuzia. Ukigawa mzigo kwa mauzo, siku zitapungua kwenye karatasi tu.

Kwa shilingi, mzigo wa milioni 45 na madeni ya wateja milioni 36, ukitoa milioni 20 za wauzaji, pesa iliyofungwa humo ni milioni 61. Mauzo yakikua kwa asilimia 20 na siku zisibadilike, zitahitajika nyingine milioni 12 hivi. Ndiyo maana duka linalokua hukaukiwa.

Ila usiishie kwenye 55, maana wastani huficha mengi. Tenganisha mzigo. Tuseme saruji na nondo zinatoka kwa 800,000 kwa siku na stoo zipo za milioni 8: siku 10. Vigae, rangi na mabomba vinatoka kwa 200,000, na vimelala vya milioni 37: siku 185! Hapo ndipo pesa ilipo. Ukivishusha hadi siku 90, unaachia milioni 19 bila riba ya mtu.

Madeni nayo yachambue hivyo hivyo. Kama nusu ya mauzo ni taslimu, wanaokopa wanachukua mzigo wa 600,000 kwa siku, na deni la milioni 36 maana yake wanalipa baada ya siku 60. Fundi aliyekuahidi mwezi mmoja anakaa miwili.

Wengi hukimbilia kumcheleweshea muuzaji wa jumla. Mimi siipendi njia hiyo: siku unazopata ni chache, na saruji ikiadimika, wewe ndiye utakayehudumiwa mwisho.

Chukua takwimu za mwisho wa kila mwezi, utafute wastani wake. Ukipima siku moja tu, mara baada ya kontena la vigae kushushwa, utapata picha ya siku hiyo pekee.