Paris ama Kampala: hesabu ya vitabu vyangu viwili

Vijana wananiandikia sana, "kaka, kitabu changu nitume kwa mchapishaji wa Ulaya ama nijichapishie mwenyewe?" Mimi nawauliza kwanza wasomaji wao wako wapi, maana kwa mtu wa Goma hilo njo linaamua karibu yote.

Kitabu changu cha kwanza kilitoka Paris, jina la mchapishaji nalibakisha. Nilingoja jibu miezi mitano, alafu miezi mingine tisa kitabu kitoke. Siku ya kusaini sikutoa hata franga moja, nyumbani tukafungua bia, na kontra nikaisoma vizuri kisha bia kuisha, hilo njo kosa langu.

Ndani iliandikwa kwamba kwa nakala 500 za kwanza mwandishi hapati kitu, kuanzia ya 501 anapata asilimia 4 ya bei bila kodi. Bei ilikuwa euro 16, kwa hiyo hata ningefika huko ningepata senti kama 60 kwa kitabu kimoja. Tena kipengele kingine kilinilazimisha kununua nakala 50 kwa punguzo la asilimia 30, yaani euro 11.20 kila moja, jumla 560, na posta juu yake. Kupanga kurasa nilifanya mwenyewe maana walitaka faili iliyo tayari kwa mashini. Sasa uniambie nani alilipia hicho kitabu.

Mchapishaji wa kweli anabeba korekta, maketi, jalada, imprimeri na mauzo, hakuombi kitu. Hata sheria ya Ufaransa, mwandishi akilipa ili nakala zitengenezwe, hiyo haiitwi kontra ya uchapishaji. Wenye kukuambia "ni bure ila ununue nakala kadhaa" wanasimama katikati, njo maana utafute neno "kununua" kwenye kontra mbele ya kutafuta asilimia. Angalia pia haki umetoa za muda gani na za lugha gani: mimi nilikuwa nimetoa maisha yangu yote pamoja na miaka 70 kisha kifo, na tafsiri ndani, kwa hiyo kukitoa kitabu changu mwenyewe kwa Kiswahili nilipaswa kuomba ruhusa.

Kufika mbali? Kilionekana kwenye maduka ya mtandao, ni kweli, na mtu wa Ubelgiji aliweza kukiagiza. Lakini miaka miwili nakala 61, na 50 kati ya hizo ni zangu.

Cha pili nikachapisha Kampala, kule Nasser Road, mwaka 2018. Nilipanga kurasa 128 makusudi, maana karatasi kubwa inakunjwa inatoa kurasa 16, karatasi nane zinakaa sawasawa, ukiweka 130 unalipia mkunjo mwingine kwa kurasa mbili tu. Korekta dola 150, maketi na jalada 140, nakala 300 kwa 2.10 ni 630, gari na dwani ya Bunagana 120. Jumla 1,040, yaani kama tatu na nusu kila kitabu. Niliuza dola 7 kila kimoja, makuta yangu yalirudi nakala ya 149. Ukipitisha kwa libreri anabakia na asilimia 35, unashika 4.55, bado inalipa lakini polepole. Mimi nilipita zaidi kwa waprefe wa shule, walichukua nakala 40 kwa deni wakalipa minervali ilipoingia (mmoja bado ananikimbia mpaka leo).

Toka kutoa faili mpaka vitabu kufika ni wiki kumi na moja, lakini haraka ina madhara yake. Sikuomba nakala ya majaribio, nikaamini picha ya simu, na vitabu kama arobaini gundi ya mgongo haikushika, kurasa zikatoka kama majani ya muhogo. Nakala ya majaribio unaifungua katikati, unaikunja kwa nguvu mpaka nyuma, ikilia na kuachia ukurasa unakataa kazi yote mbele ya kulipa nusu iliyobaki. Lipa nusu tu mwanzoni, hapo njo nguvu yako iko.

Na usidhani vitabu vitatembea vyenyewe. Mpaka Bukavu na Gisenyi nilifika, Kinshasa hakuna, barabara haipo na ndege inakula faida yote. Nakala 210 kwa miezi nane, karibu zote nilizibeba mwenyewe kwenye sakoshi.

Cha tatu kiko kwa mchapishaji sasa hivi, wa Paris tena, ila mwingine. Nilimwandikia afute kipengele cha kununua nakala na aniachie haki za Kiswahili na za kuuza Kongo. Cha kununua amekifuta siku hiyo hiyo, Kiswahili amekubali, Kongo bado tunavutana.