Kazi ya usiku, anwani isiyotulia, na orodha inayozidi kurefuka

Swali: Habari mtaalamu. Nina kazi kwenye Cloud Run, huduma ya Google ya kuendesha kontena, inayojiendesha kila siku saa 8 usiku, inavuta mauzo kutoka hifadhidata ya PostgreSQL ya mteja wetu. Wao wanaruhusu anwani za IP wanazozijua tu. Siku tatu inapita, ya nne inaganda kama dakika mbili halafu inasema "Connection timed out". Nimeshabadilisha nenosiri mara mbili. Kila ikigoma natafuta anwani iliyotumika naomba waiongeze, sasa orodha ina anwani 11 na bado inagoma. Nitapata wapi anwani zote tuziingize mara moja tumalize?

Jibu: Nenosiri liache, halina kosa. Hizo dakika mbili zako ndizo zilizosema ukweli. Linux ikituma ombi la kufungua muunganisho na isijibiwe, hulirudia mara 6, kila safari ikisubiri zaidi ya mwanzo, na kwa mipangilio ya kawaida hukata tamaa ikifika sekunde 127 hivi. Ukiangalia logi zako ukakuta kazi imekufa kwenye sekunde 127 au zaidi kidogo kila inapogoma, jua pakiti zinatupwa kimyakimya na faiawoli ya mteja. PostgreSQL yenyewe haikupata hata habari kwamba kuna mtu kabisha hodi. Nenosiri lingekuwa baya, ungejibiwa papo hapo `password authentication failed`. Na kama faiawoli ingekupitisha halafu orodha ya ndani ya PostgreSQL ikakukataa, ungeona ujumbe wa namna hii:

```
FATAL:  no pg_hba.conf entry for host "203.0.113.77", user "ripoti", database "mauzo"
```

Huo ukiupata shukuru, maana unakutajia anwani uliyoonekana nayo. Faiawoli haina ukarimu huo.

Sasa hilo la anwani 11. Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu ni swali ninaloletewa karibu kila wiki na kila mtu huja na imani ileile: kwamba anwani ziko nyingi lakini zina mwisho, kwa hiyo ukiongeza za kutosha ipo siku zitakamilika. Hazitakamilika. Kontena lako halina anwani yake ya nje. Linapoamka saa 8 usiku, maombi yake ya kwenda intaneti hutokea kwenye dimbwi la anwani linalotumiwa na wateja wengi kwa pamoja, na mwenye wingu analibadilisha anavyotaka bila kukuuliza. Usiku tatu ulizofaulu hukufaulu kwa sababu tatizo lilikuwa limekwisha. Uliangukia tu anwani ambayo tayari mlikuwa mmeiandika.

Na ubaya wenyewe si kwamba orodha haitoshi. Ubaya ni kile ambacho orodha hiyo imeshafanya. Kila anwani uliyoomba iongezwe ilikuwa yako kwa dakika chache za usiku mmoja. Asubuhi ilipofika, huenda ilikuwa inatumiwa na mpangaji mwingine wa wingu lilelile, mtu usiyemjua, anayeendesha programu usiyoijua. Mteja wako anaamini ana orodha ya watu anaowafahamu. Kilichopo ni milango 11 iliyoachwa wazi kwa wapita njia, na jina lako ndilo lililoandikwa kwenye maombi yote 11. Leo uwe mkweli kwake, kabla hajagundua mwenyewe.

Kwa hiyo acha kuzikimbiza anwani. Kazi yako itokee kwenye anwani moja ambayo umeihifadhi kwa jina lako. Kwenye Cloud Run njia inapita hivi: unahifadhi anwani ya kudumu kwenye eneo lilelile inakoendeshwa kazi, unatengeneza ruta na Cloud NAT, yaani lango linaloyatoa maombi nje kwa anwani hiyo, kisha unaiunganisha kazi na sabneti, kipande cha mtandao wako, inayohudumiwa na NAT hiyo. Watu wengi hufika hapo bila shida. Pa kujikwaa ni pawili tu, na pote pawili huumiza kwa sababu hakuna ujumbe wa kosa unaotokea.

Pa kwanza ni wakati wa kutengeneza NAT. Ukichagua anwani zigawiwe zenyewe, umerudi ulikotoka, kwa sababu mfumo unaweza kuziongeza au kuzibadilisha. Itaje anwani uliyoihifadhi, kwa jina:

```
gcloud compute routers nats create nat-mauzo \
  --router=ruta-mauzo --region=$ENEO \
  --nat-custom-subnet-ip-ranges=sabneti-mauzo \
  --nat-external-ip-pool=anwani-mauzo
```

Pa pili pamewala hata wazoefu. Ukiiunganisha kazi na mtandao wako bila kusema zaidi, mpangilio wa kawaida ni `private-ranges-only`: maombi yanayokwenda kwenye anwani za ndani ndiyo pekee yatakayopita kwenye mtandao wako. Hifadhidata ya mteja iko kwenye anwani ya nje. Basi NAT yako inakaa pale, imetengenezwa vizuri, haipitishi pakiti hata moja, na kazi inaendelea kutokea dimbwini kama jana. Mtu anatazama kila kitu kina alama ya kijani, anaapa kwamba NAT ni mbovu. Si mbovu, haijatumwa kazi.

```
gcloud run jobs update vuta-mauzo --region=$ENEO \
  --network=mtandao-mauzo --subnet=sabneti-mauzo \
  --vpc-egress=all-traffic
```

Ukishaweka `all-traffic`, kumbuka kwamba sasa kila ombi la kwenda nje linapita kwenye NAT, siyo la hifadhidata tu. Hilo linakupa kipimo kizuri. Kama ulisahau NAT au haiihudumii sabneti hiyo, kazi haitafika popote kwenye intaneti na utaona kugoma kwa kila kitu, kila siku. Kama NAT ipo lakini mpangilio umebaki ule wa mwanzo, utaona hali yako ya sasa, leo inapita kesho inagoma. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote angalia namna inavyogoma.

Kabla kazi haijaanza kuvuta data, iandike kwenye logi anwani inayotokea nayo:

```
curl -4 -s https://checkip.amazonaws.com
```

Iendeshe mara kadhaa, kila mara kwa kontena jipya. Kurudia ndani ya kontena lilelile hakupimi chochote, na ndiyo maana pia ule mtindo wa "weka majaribio matano" hausaidii: mara nyingi majaribio yote matano hutoka kwenye njia ileile iliyokataliwa. Kisha mwombe msimamizi wa upande wa mteja atazame logi za faiawoli yake kwa muda uleule na akusomee anwani aliyoiona. Neno la mwisho ni lake yeye. Anwani unayoiona ukiandika `ip addr` ndani ya kontena haina maana yoyote kwake. Ikiwa inaanza na `10.` au `192.168.`, ni ya ndani, na nimeshaona watu wakiipeleka kwenye fomu ya maombi na wasimamizi wakaiingiza bila kuuliza.

Mpangilio wa kuhama uwe huu: mteja aongeze anwani mpya kwanza, wewe uhamishe kazi, usiku mbili tatu zipite salama, halafu zile 11 zifutwe. Usifunge faili la kazi hii kabla ya kuzifuta. Sehemu hiyo huachwa kwa sababu hakuna anayeikumbushia. Kazi inaenda, kila mtu kafurahi, na milango iko wazi.

Utaambiwa kuna njia fupi. Wapo mafundi wa kubahatisha watakaokwambia mteja afungue safu nzima za kampuni ya wingu, maana zimechapishwa. Safu moja ya `/16` ina anwani 65,536, na kampuni hizo zina safu nyingi. Yeyote anayeweza kukodi mashine humo kwa saa moja yuko ndani ya orodha yako. Wapo watakaokupa proksi ya bure yenye anwani isiyobadilika, yaani utumie njia ya mtu usiyemjua kupitisha nenosiri na mauzo ya mteja. Na wapo wanaosema ongeza `X-Forwarded-For`, kichwa cha ombi la HTTP kinachotaja anwani ya anayeomba. Hao hata hawajui wanazungumzia nini: faiawoli inasoma anwani iliyo kwenye pakiti, na PostgreSQL haizungumzi HTTP.

Lakini aliyeniudhi kuliko wote sijawahi kumwona uso. Niliitwa mahali ambapo seva ya hifadhidata ilikuwa inalemewa usiku. Nikaomba orodha ya ruhusa. Ilikuwa na mistari michache ya kawaida, na chini kabisa miwili iliyoandikwa "ya muda": `0.0.0.0/1` na `128.0.0.0/1`. Mfumo wao ulikuwa unakataa mtu kuandika `0.0.0.0/0`, kwa hiyo fundi alikata intaneti nzima vipande viwili akaviingiza kimoja kimoja. Kazi yake ya usiku ilipita, akaenda zake. Logi zilikuwa zimejaa majaribio ya kuingia kwa majina kama `postgres`, `admin` na `test`, mfululizo, kutoka kila pembe. Hakuna aliyekuwa anazisoma kwa sababu kila mtu alijua faiawoli ipo.

Hata anwani yako moja ya kudumu haimtambulishi mtu. Inaonyesha njia tu, na chochote kingine utakachokiweka kwenye sabneti ile kitatokea na anwani hiyohiyo. Kwa hiyo sabneti hiyo iwe ya kazi hii peke yake, muunganisho uwe wa TLS, na mtumiaji `ripoti` apewe ruhusa ya kusoma jedwali la mauzo basi. Na kama mteja ana msimamo kwamba hataki kabisa hifadhidata yake ionekane kutoka intaneti, msibishane naye. Mwombe aendeshe kazi ndogo upande wake inayotoa data na kuisukuma kwako. Hapo mlango wake haufunguliwi, na suala la anwani yako inayobadilika linakuwa halipo tena.