Choo cheusi siku ya nne: rangi inasema nini kuhusu kunyonya

"Mwanangu ana siku nne. Ananyonya titi tu, lakini choo bado ni cheusi kinachonata, na leo kapata mara moja. Analala mno. Mama mkwe anasema ni kawaida, niwe na subira. Ni kweli?"

Dada, kwa siku ya nne subira haifai. Mpeleke leo kwa mkunga apimwe uzito, na mkunga amwone akinyonya. Huenda ni jambo dogo, ila lisilale hadi kesho.

Choo hicho cheusi mtoto alizaliwa nacho. Ni mabaki ya maji ya uzazi aliyokuwa akiyameza tumboni, pamoja na ute, nyongo na seli zilizobanduka kwenye utumbo. Ndiyo maana hakina harufu, na kukifuta matakoni ni kazi. Kinachokisukuma nje ni maziwa, kuanzia yale ya mwanzo mazito, ambayo huulegeza utumbo. Kwa hiyo siku mbili za kwanza weusi ni sawa. Siku ya tatu au ya nne choo huwa cha kijani kibichi au kahawia na kinalegea. Kufikia siku ya tano kiwe cha manjano, laini hadi majimaji, chenye chembechembe, na angalau mara tatu kwa siku. Rangi ikikwama njiani, mara nyingi maana yake ni kwamba maziwa yanayoingia ni machache, hata kama mtoto yuko titini saa nzima.

Wa kwangu wa pili alikuwa hivyo hivyo. Siku ya nne choo kilikuwa cheusi, kidogo, na kwenye nepi palikuwa na doa la waridi lililoelekea rangi ya tofali. Nilidhani ni damu. Mkunga akaniambia ni chumvichumvi za mkojo uliokolea sana. Siku mbili za kwanza haimtishi, siku ya nne inamwonyesha kwamba mtoto hapati maziwa ya kutosha. Alizaliwa na gramu 3,200, mizani ikaonyesha 2,880. Hiyo ni asilimia kumi kamili. Watoto wengi hupungua kidogo siku za mwanzo, lakini kufika kumi ni lazima mtu mwenye ujuzi aangalie ulishaji.

Hakukimbilia kunipa kopo la maziwa. Aliketi akatazama. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya chuchu tu, ananyonya harakaharaka, mashavu yanabonyea, na kumeza hakusikiki. Akiachia, chuchu inatoka bapa upande mmoja. Baada ya muda mfupi analala, na sote nyumbani tulikuwa tukisema ameshiba, kumbe amechoka.

Tukamweka tumbo lake kwangu, pua ikielekea chuchu, nikangoja apanue mdomo kabisa ndipo nikamvuta, kidevu kikitangulia. Kunyonya kukapungua kasi: anavuta, anameza, anavuta, anameza. Akianza kusinzia nilibana titi taratibu ili maziwa yamfikie. Nilimwamsha kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia, ili zipatikane mara nane hadi kumi na mbili kwa siku nzima. Baada ya kila zamu nilikamua kwa mkono nikamnywesha kwa kikombe kidogo. Choo cha kijani kilikuja kesho yake, na manjano hayakuchelewa kufuata. Nepi za mkojo nazo zikawa nzito. Kuanzia siku ya tano hivi unatarajia sita au zaidi.

Usingizi huo unaousema nao mtajie mkunga, maana unaweza kutokana na umanjano. Choo cheusi kimebeba kwa wingi bilirubini, ile rangi ya njano inayoleta umanjano, na kikikaa utumbo huirudisha kwenye damu. Macho na ngozi vinageuka njano, mtoto anasinzia, ananyonya kidogo zaidi, na choo kinazidi kukaa. Maji ya kunywa hayaondoi umanjano huo, yanajaza tu tumbo lililotakiwa kuingia maziwa.

Mama mkwe labda anakumbuka watoto wakubwa kidogo. Baada ya wiki sita hivi, anayenyonya titi anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na yuko mzima. Kwa wiki ya kwanza kanuni hiyo haipo. Kwa wanaotumia maziwa ya kopo, choo huwa kizito na manjano yaliyofifia au kahawia, hivyo msilinganishe.

Kuna mambo ambayo hayahusiani na unyonyeshaji, na hayo ni ya hospitali moja kwa moja: choo cheupe au cha kijivu siku yoyote (nyongo haifiki utumboni), matapishi ya kijani, tumbo kuvimba, au mtoto kumaliza saa 24 za kwanza bila choo chochote. Choo kikishakuwa cha manjano halafu kikarudi kuwa cheusi, nacho kipelekwe kionwe. Inaweza kuwa damu, ingawa mara nyingine ni ile aliyoimeza kutoka chuchu iliyopasuka.

Ukitoka kupima, tuandikie uzito wa kuzaliwa na wa leo, na nepi ngapi za mkojo tangu asubuhi.