Ada ya mtoto: uweke, ukope au uuze shamba?

"Nauza dagaa hapa Kibirizi, mwanangu yupo darasa la tano. Nianze kuweka sasa au nikope muda ukifika?"

Anza sasa mama. Chukua milioni moja tu, ukijiwekea mwenyewe mwaka mzima ni kama 84,000 kwa mwezi. Ukiikopa kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ile wanayopiga kwenye mkopo wote hata kama ushalipa nusu, riba peke yake inafika 420,000, so rejesho linakuwa 118,000 na ushee kila mwezi. Na rejesho halijali kama kuna dagaa au hakuna. Si unakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa uvuvi Mei 15 mpaka Agosti 15? Sasa fomu faivu wanaripoti Julai, katikati kabisa ya ukame wa hela, ada imefutwa sawa, ila godoro, sare, nauli na michango vipo palepale.

Kwahiyo usijipangie kila mwezi, weka miezi tisa ya biashara. 40,000 mara tisa ni 360,000 kwa mwaka, ukiweka hivyo miaka tisa una 3,240,000 hata kabla ya faida. Kikoba kinavunjwa kila mwaka, hicho kiwe cha sare na madaftari, ya chuo peleka kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT.

"Huko UTT niandike jina la mtoto au langu?"

Ya shule weka Mfuko wa Watoto kwa jina lake, ya kwako weka Ukwasi kwa jina lako. Ukichanganya, ya kwako ndo itaanza kuliwa, nakwambia.

"Kijana kapata chuo Dar, nataka niuze shamba la michikichi nimlipie, sitaki aanze maisha na deni. Nakosea?"

Shikamoo mzee. Usiuze kwanza. Mchikichi ukishaanza kuzaa unakulisha miaka ishirini na zaidi, chuo ni miaka mitatu minne. Mkopo wa Bodi ya Mikopo anadaiwa yeye, sio wewe, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Tuseme mshahara 700,000, anakatwa 105,000. Inauma ndio, ila ukiuza shamba halafu mawese yakaisha nyumbani, utampigia simu kila mwezi na yeye hatakukatalia, na hilo deni halina salio la kumalizika.

Ila Bodi si lazima wampe asilimia mia, pengo lipo, na hilo ndo la kulipia kwa mawese ya msimu. Kinachowaangusha wengi ni cheti cha kuzaliwa ambacho hakijahakikiwa RITA, huwa wanakumbuka dirisha linakaribia kufungwa. Mwambie ashughulikie hicho kabla ya yote, na akipewa kidogo akate rufaa kabla hamjamwita dalali wa shamba.