Barua kwa wodi kuhusu meropenemu: dozi ya kwanza iacheni huru, ulizeni siku ya tatu

Barua ya kwanza niliyowaandikia wenzangu wa wodi ilikuwa na kurasa mbili na dawa nane. Nilitaka kila antibiotiki yenye wigo mpana, yaani inayoua bakteria wa aina nyingi, kuanzia seftriaksoni hadi meropenemu, isitoke famasi mpaka mfamasia aidhinishe. Daktari bingwa wa wodi aliisoma, kisha akanipigia simu. Hakugombana nami. Aliniuliza swali moja tu: mgonjwa akiletwa saa nane usiku, presha 80 kwa 40, amechanganyikiwa, nani amsubiri mfamasia aamke?

Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa sahihi. Mgonjwa ambaye maambukizi yamesambaa mwilini hadi presha ikaporomoka anatakiwa kupata antibiotiki ndani ya saa moja. Sheria yangu ingekula saa hiyo. Na hata pale ambapo isingemdhuru mtu, ingewafundisha madaktari wa zamu kuikwepa: kuagiza dawa wakati ambao mfamasia hayupo, au kuandika neno lolote litakalofungua mlango. Kwa hiyo nikiulizwa na mfamasia anayetaka kuandika barua ya namna hii, neno langu la kwanza ni hili: usiweke lango kwenye dozi ya kwanza. Tatizo halipo hapo. Tatizo liko kwenye dozi ya kumi na ile ya ishirini, ambazo hakuna mtu aliyekaa akaamua kuzitoa.

Nililielewa hilo kwa mgonjwa mmoja. Alikuwa mwanaume wa miaka 58, mwenye kifafa kilichotulia kwa miaka mingi kwa valproeti. Aliingia Ijumaa jioni akiwa na homa, maumivu ya ubavuni na presha ya chini. Daktari wa zamu alifanya kila kitu vizuri. Alichukua damu na mkojo ili maabara ioteshe bakteria, kisha akaanzisha meropenemu gramu 1 kila baada ya saa 8, kwa kuwa mgonjwa alikuwa ametoka kulazwa na kutumia seftriaksoni wiki chache nyuma. Woga wa vimelea sugu ulikuwa na msingi. Ningekuwa mimi, ningekubali.

Jumamosi homa ilianza kushuka. Jumapili maabara ilitoa taarifa kwamba damu imeota bakteria. Jumatatu asubuhi jibu kamili lilikuwa kwenye kompyuta: E. koli wa kawaida, anayeuawa na seftriaksoni na hata na kotrimoksazoli ya vidonge. Hakuna aliyelifungua. Timu ya wikiendi ilidhani timu ya Jumatatu itaamua. Timu ya Jumatatu ilimkuta mgonjwa anaendelea vizuri, ikaandika "endelea na matibabu". Nami famasi nilitoa vichupa vitatu kila siku, nikakagua figo, nikakagua dozi, sikuuliza kwa nini bado anaipata. Baya zaidi, sikuiona valproeti kwenye karatasi ileile ya dawa.

Meropenemu na dawa nyingine za kundi lake hushusha valproeti kwenye damu kwa kasi, mara nyingi ndani ya siku moja, na hushusha sana kiasi kwamba dawa ya kifafa inakuwa kama haipo. Kuongeza dozi ya valproeti hakusaidii. Jumanne alfajiri mgonjwa alipata degedege, na saa moja baadaye likarudi. Kipimo cha valproeti kilikuwa chini mno. Tuliongeza levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, tukasimamisha meropenemu, tukamhamishia kwenye seftriaksoni ambayo tungeweza kumpa tangu Jumatatu. Valproeti yake ilichukua zaidi ya wiki kurudi mahali pake. Alitoka hospitali akitembea, lakini baada ya miaka ya utulivu alirudi nyumbani na hofu ya kifafa ambayo alikuwa ameisahau.

Ninasimulia haya kwa sababu barua ya kwanza niliijenga juu ya usugu wa dawa: vimelea vya kesho, wagonjwa wa miaka ijayo. Ni kweli yote, lakini daktari aliyesimama mbele ya kitanda hamuoni mgonjwa wa miaka ijayo. Anamuona huyu aliyelala hapa. Barua ya pili niliianza na huyu, bila jina lake, na nikaomba ruhusa ya timu iliyomhudumia kabla ya kuituma. Nilitaja pia kosa langu. Bila hilo ingesomeka kama mashtaka.

Nikaacha dawa saba kati ya nane. Meropenemu pekee ndiyo iliyobaki. Shirika la Afya Duniani, lilipogawa antibiotiki katika makundi matatu mwaka 2017, liliweka seftriaksoni na meropenemu kwenye kundi moja la dawa za kuangaliwa kwa makini, na mtu anaweza kusema basi zote mbili zibanwe. Mimi naona wodi inayobanwa kila upande haina pa kukimbilia ila kwenye udanganyifu. Bana moja, na uache wazi njia za halali.

Huu ndio moyo wa barua yenyewe, kama nilivyoiandika:

"Ndugu madaktari na wauguzi wa wodi, naomba tukubaliane hivi. Daktari yeyote anaweza kuanzisha meropenemu saa yoyote bila kumuuliza mtu. Damu ioteshwe kabla ya dozi ya kwanza, isipokuwa kama kuchukua damu kutaichelewesha dawa kwa zaidi ya dakika 45. Kwenye karatasi ya dawa aandike mambo matatu: maambukizi anayoyashuku yako wapi, kwa nini dawa yenye wigo mwembamba haitoshi, na tarehe ya kuangalia upya, ambayo haitapita saa 72.

Ikifika tarehe hiyo, daktari mwandamizi aandike uamuzi mmoja: kuacha, kubadili kwenda dawa nyembamba, kubadili kwenda vidonge, au kuendelea hadi tarehe fulani kwa sababu fulani. Neno 'endelea' peke yake halitahesabika kuwa uamuzi.

Famasi haitaikata dawa hata kama hakuna kilichoandikwa. Nitakuja mimi mwenyewe wodini, au mwenzangu wa zamu, tukiwa na majibu ya maabara mkononi."

Aya ile ya mwisho ndiyo iliyobishaniwa zaidi, tena na wafamasia wenzangu. Wengi hupenda dawa ijikate yenyewe baada ya saa 72. Inaonekana safi kwenye karatasi. Lakini hebu fikiria mgonjwa mwenye maambukizi ya utando wa ubongo, ambaye anahitaji gramu 2 kila baada ya saa 8, halafu siku ya tatu iangukie Jumapili, daktari mwandamizi yuko kwenye chumba cha upasuaji, na dawa ikatike kimya. Muuguzi atafika na dripu mkononi, akute agizo limefutwa. Dozi mbili zikipotea hapo, tumefanya ubaya ule ule tuliotaka kuuzuia, kwa mkono wetu. Bora mfamasia atembee ngazi mbili.

Kisha niliandika ni nani asiyeguswa na shinikizo la kubadili dawa, kwa sababu sheria isiyojua mipaka yake hupoteza imani haraka. Mgonjwa ambaye damu yake imeota E. koli au Klebsiela anayetengeneza ESBL, vimeng'enya vinavyovunja antibiotiki nyingi, na asiyeuawa na seftriaksoni abaki kwenye meropenemu, hasa siku za mwanzo. Kuna watu wangependa kumhamishia kwenye mchanganyiko wa piperasilini na tazobaktamu ili tu kuonyesha kwamba meropenemu imepungua. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha mchanganyiko huo na meropenemu kwa wagonjwa wa aina hii. Ndani ya siku 30 walikufa asilimia 12.3 kwenye piperasilini na tazobaktamu, dhidi ya asilimia 3.7 kwenye meropenemu. Mfamasia asiyelijua hilo asiandike barua.

Kilichoharibika baada ya kuanza sikukitegemea chote. Kwanza, sababu zilizoandikwa zilifanana. Karatasi moja baada ya nyingine ilisema "maambukizi makali", maneno ambayo hayaelezi mahali wala sababu. Niliacha kuwarudishia karatasi, nikaanza kuuliza kwa sauti kwenye raundi ya asubuhi: "Dokta, tunadhani yametokea wapi?" Mara nyingi jibu lilikuwepo kichwani, halikuandikwa tu. Mara nyingine halikuwepo, na hapo ndipo mkojo uliopimwa bila dalili yoyote ya mgonjwa ulipogundulika kuwa ndio chanzo cha agizo zima.

Pili, puto lilivimba upande wa pili. Meropenemu ilishuka na piperasilini na tazobaktamu ikapanda. Hili linajulikana tangu zamani: hospitali moja ya New York iliyobana sefalosporini katika miaka ya 1990 ilipunguza Klebsiela sugu kwa seftazidimu, lakini matumizi ya imipenemu, dawa ya kundi la meropenemu, yakapanda na bakteria Pseudomonasi sugu kwa imipenemu akaongezeka. Kwa hiyo ukipima, usipime dawa uliyoibana peke yake. Hesabu siku za matumizi ya kila antibiotiki yenye wigo mpana kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulazwa, weka pembeni muda kati ya agizo na dozi ya kwanza, na uangalie ni wangapi walirudishiwa meropenemu baada ya kuhamishwa. Namba hii ya mwisho ndiyo itakayokuambia kama unawabana watu isivyofaa.

Tatu, majibu ya maabara yaliendelea kulala kwenye kompyuta wikiendi. Sheria hata iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kufungua jibu. Tulikubaliana kwamba maabara ipige simu kwa muuguzi wa zamu damu inapoota, na muuguzi aandike saa ya simu kwenye faili. Pendekezo hilo lilitoka kwa muuguzi mkuu, si kwangu. Ningemhusisha tangu mwanzo, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayejua dozi inachelewa wapi na nani huchukuliwa damu lini.

Barua imebadilishwa mara mbili tangu hapo. Toleo linalotumika sasa linaingia kwenye ukurasa mmoja, limebandikwa ndani ya mlango wa kabati la dawa, na juu kabisa, kabla hata ya kuulizwa maambukizi yako wapi, kuna kisanduku kidogo cha kuweka alama: mgonjwa anatumia valproeti? Kama jibu ni ndiyo na meropenemu haiepukiki, dawa nyingine ya kifafa inaongezwa siku hiyo hiyo, pamoja na dozi ya kwanza.